Skipu listi, na shilingi yangu iliyokuwa inadanganya

Kwa muda mrefu nilikuwa siziamini skipu listi, zile orodha zilizopangwa zenye njia za mkato za kuruka nodi kadhaa kwa mpigo. Sio kwamba sikuelewa jinsi zinavyofanya kazi, zinaeleweka haraka sana, tatizo langu lilikuwa ni hilo neno "tarajiwa". Mtu anakwambia gharama tarajiwa ya kutafuta ni sawa na logi ya n, n ikiwa idadi ya vitu vilivyomo, mi nasikia "ukiwa na bahati itakuwa haraka", na mimi sio mtu wa kuweka bahati kwenye programu inayotakiwa kukimbia usiku wakati nimelala. Mti uliosawazishwa angalau unakupa ahadi, skipu listi inakupa shilingi ya kurusha. Ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Kilichonisukuma huko ni data iliyopangika. Nilikuwa na kaprogramu ka kutunza matukio kwa muda yalipotokea, na nilitaka kuuliza vitu kama "nipe yote kuanzia hapa mpaka pale", kwa hiyo jedwali la heshi lilikuwa halinifai maana halijui mpangilio. Nikaanza na mti wa kawaida wa kutafutia, ule wa ndogo kushoto kubwa kulia. Sasa matukio yanaingia kwa muda, maana yake kila jipya ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia, kwa hiyo kila nodi inaenda kulia, kulia, kulia, na mwisho wa siku mti wangu haukuwa mti tena, ni kamba moja ndefu iliyolala. Ukiwa na nodi 40,000 unazipita karibu zote kuifikia ya mwisho.

Dawa ya vitabuni ni kusawazisha. Kuna miti ya AVL, ya mwaka 1962, kuna miti miekundu-myeusi, na yote inafanya kazi kwa kuzungusha nodi kila sehemu moja inapozidi nyingine. Kuingiza niliandika vizuri tu. Kufuta ndo kulinitoa jasho, kwenye mti mwekundu-mweusi kufuta kuna visa vingi vya ndugu wa nodi na rangi ya watoto wake, na kila kisa kina pacha wake wa upande wa pili, niliandika nikafuta nikaandika tena na bado mti ulikuwa unavunjika kila baada ya maelfu kadhaa ya operesheni. Hapo ndo nikarudi kwa William Pugh, jamaa wa Chuo Kikuu cha Maryland aliyechapisha skipu listi mwaka 1990 akizitangaza wazi kabisa kama mbadala wa kinasibu wa miti iliyosawazishwa.

Wazo lenyewe ni hili. Chukua orodha ya kawaida iliyopangwa, kila nodi ina pointa ya kwenda inayofuata. Hiyo ndo ghorofa ya kwanza. Halafu kila nodi inapoingizwa unarusha shilingi, ikija kichwa nodi inapanda ghorofa moja zaidi, unarusha tena, kichwa tena inapanda tena, ikija mkia unaacha. Nodi zilizofika ghorofa ya pili zinaungana zenyewe kwa zenyewe huko juu, za ghorofa ya tatu vivyo hivyo. Kwa hiyo nusu ya nodi hivi zinaishia chini, robo zinaishia ya pili, moja ya nane ya tatu, na kuendelea.

Hii hapa ndogo ya namba nane, M ni mwanzo na X ni mwisho:

```
3  M -----------------> 22 -------------------------> X
2  M ------> 9 -------> 22 -------> 38 -------------> X
1  M -> 4 -> 9 -> 15 -> 22 -> 31 -> 38 -> 47 -> 56 -> X
```

Tafuta 47. Unaanza juu kabisa kushoto. Ghorofa ya tatu, inayofuata ni 22, ndogo kuliko 47, nenda. Pale kwenye 22 ghorofa ya tatu imeisha, shuka ya pili. Inayofuata ni 38, bado ndogo, nenda. Ghorofa ya pili nayo imeisha, shuka ya kwanza, inayofuata ni 47 yenyewe. Umegusa 22, 38, 47. Kwenye orodha ya chini peke yake ungepita saba. Sawa, saba kwa tatu sio kitu cha kuitia watu barazani, ila subiri n ikue.

Kuingiza nako ni kutafuta kulekule, ila njiani unakumbuka kila ghorofa ulishukia kwenye nodi ipi. Tuseme naingiza 35. Ghorofa ya tatu nilishukia kwenye 22, ya pili pia 22 (kwa sababu inayofuata ni 38, imezidi), ya kwanza nikasogea mpaka 31. Narusha shilingi, kichwa halafu mkia, kwa hiyo 35 ina ghorofa mbili. Basi: ghorofa ya kwanza 31 inaelekea 35 na 35 inaelekea 38, ghorofa ya pili 22 inaelekea 35 na 35 inaelekea 38. Imeisha. Hakuna kilichozungushwa wala kilichobadilishwa rangi, na zile nodi nyingine hazijui hata kama kuna mgeni. Kufuta ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma, unaunganisha waliotangulia na wanaofuata. Mimi niliyehangaika na visa vya ndugu na watoto, niliandika kufuta kwa mistari isiyofika kumi na tano nikakaa naiangalia kama naibiwa.

Haya, sasa tuje kwenye hilo neno lililokuwa linanisumbua. Kwa nini kurusha shilingi kulete logi?

Kilichonifungua macho ni kuitembea njia kinyumenyume. Ukiifuata safari ya kutafuta kwa mbele inachanganya, maana unajiuliza kwenye ghorofa hii nitasogea mara ngapi kabla sijashuka, na jibu linategemea namba zenyewe. Igeuze. Simama chini kabisa, kwenye nodi iliyo kabla ya unachokitafuta, na urudi ulikotoka mpaka juu kushoto. Kila hatua una mawili tu: kama nodi uliyopo ina ghorofa nyingine juu, unapanda, kama haina, unasogea kushoto. Hakuna cha tatu. Kwa nini lazima upande ukiweza? Kwa sababu safari ya mbele siku zote inaingia kwenye nodi kupitia ghorofa yake ya juu kabisa. Rudi kwenye mfano wetu, 22 tuliiingilia ghorofa ya tatu, 38 tuliiingilia ya pili. Kama nodi ina ghorofa ya juu zaidi, basi ungeiona ukiwa huko juu kabla hujashuka. Kwa hiyo ukirudi, unapanda mpaka dari lake halafu ndo unasogea kushoto.

Na je, nodi uliyosimama ina ghorofa ya juu? Hilo ni swali la shilingi moja. Nusu kwa nusu. Na shilingi hiyo ilirushwa bila kuangalia namba iliyomo wala iliingia saa ngapi wala unatafuta nini. Kwa hiyo kurudi nyuma ni mchezo wa kurusha shilingi mpaka ipatikane kichwa: kichwa unapanda, mkia unaenda kushoto. Kwa wastani unarusha mara mbili kupata kichwa kimoja, yaani kupanda ghorofa moja kunakugharimu hatua mbili, moja ya kushoto na moja ya kupanda.

Ukitaka kuiandika kihesabu, ita `C(k)` gharama ya kupanda ghorofa `k`, na `p` uwezekano wa kichwa:

```
C(0) = 0
C(k) = (1-p)(1 + C(k)) + p(1 + C(k-1))
C(k) = 1/p + C(k-1)
C(k) = k/p
```

Mstari wa pili unasema tu kwamba hatua moja umeshalipa, halafu aidha umebaki na kazi ileile au imepungua ghorofa moja. Mstari wa tatu ni kupanga vizuri. Mi nilipofika hapo nikacheka peke yangu, nilikuwa nategemea kurasa za uwezekano mzito kumbe ni kitu cha mistari minne.

Imebaki kujua ghorofa ni ngapi. Kila ghorofa ina nusu ya nodi za iliyo chini yake, kwa hiyo ghorofa zenye watu wa maana ni mara unazoweza kuigawa n kwa mbili mpaka ibaki moja, yaani logi ya n. Nodi 1,048,576 unazigawa mara 20. Ishirini kwa hatua mbili mbili, arobaini, ongeza hatua chache za kule juu ambako nodi zimebaki za kuhesabika kwa vidole. Arobaini na kitu, badala ya laki tano na zaidi kwa wastani kwenye orodha tupu. Pugh ameuweka mpaka wa juu wa wastani huo kuwa `L(n)/p + 1/(1-p)`, ambapo `L(n)` ni hiyo logi ya n kwa msingi wa `1/p`, na ukiweka p ya nusu unapata 40 jumlisha 2.

Mti uliosawazishwa vizuri kabisa ungehitaji kama ulinganisho 20 kwa nodi hizohizo. Kwa hiyo ndiyo, kwa kuhesabu hatua skipu listi imezidiwa mara mbili hivi, na sioni sababu ya kulificha hilo kama wengine wanavyofanya.

Kingine kinachopendeza ni ukibadilisha shilingi. Tuseme badala ya nusu unapandisha nodi kwa uwezekano wa robo. Sasa kupanda ghorofa moja ni hatua nne, sio mbili, umeumia, lakini ghorofa nazo zimekuwa 10 badala ya 20 kwa sababu kila moja ina robo ya iliyo chini yake. Kumi mara nne, arobaini. Ileile! Ila pointa zimepungua: kwa nusu kila nodi inabeba pointa 2 kwa wastani, kwa robo ni 1.33. Ndo maana ukifungua msimbo wa hifadhidata ya Redis unakuta `ZSKIPLIST_P` ni 0.25, na LevelDB nao wana `kBranching = 4` na urefu usiozidi 12. Unacholipa kwa robo ni kwamba muda wa utafutaji mmoja na mwingine unapishana zaidi, wastani haujabadilika ila kuyumba kumeongezeka.

Na lile swali langu la bahati mbaya? Upo uwezekano shilingi zote zikaja mkia na ukabaki na orodha tupu. Kwa nodi 20 tu, uwezekano huo ni moja kwa milioni moja na kidogo, kwa nodi 40 ni moja kwa trilioni. Pugh anatoa kipimo chenye maana zaidi: ukiwa na vitu zaidi ya 250, uwezekano wa utafutaji kuchukua zaidi ya mara tatu ya muda tarajiwa ni chini ya moja kwa milioni. Hapo ndo nikagundua nilikuwa nimeshika neno "tarajiwa" kwa mkono usio wake. Ule mti wangu wa kwanza nao ulikuwa na wastani mzuri, lakini wastani wake ulikuwa wa data, ulidhani data itakuja imechanganyika, na data yangu ikaja imepangika. Wastani wa skipu listi ni wa shilingi yake yenyewe. Data ikija imepangika, imegeuzwa, imechanganywa, yote sawa, maana shilingi haiangalii data.

Kwa hiyo nikaamini. Nikaandika yangu, nikapima, na ikawa mbovu kuliko mti.

Sio utani. Matukio 10,000 yaliingia vizuri tu sikuona kitu. Matukio 20,000 yalichukua kama mara nne ya muda ule. Nikajaribu 40,000, mara nne tena. Mtu yeyote akiona kazi imeongezeka mara mbili na muda umeongezeka mara nne anajua kila kuingiza kunatembea orodha nzima, hiyo sio logi hata kwa kubembeleza. Nikapekua msimbo wa kutafuta, mzima. Wa kuunganisha pointa, mzima. Majibu yote yalikuwa sahihi, na hilo ndo linaudhi kwenye hizi skipu listi, zikiharibika haziharibu jibu, zinakuwa polepole tu, kwa sababu ghorofa ya chini peke yake inatosha kutoa jibu sahihi.

Nikamwonyesha rafiki yangu mmoja, yeye hakusoma hata mstari mmoja, akauliza, "Ndugu yangu, umeshahesabu nodi ngapi zina ghorofa ngapi?" Sikuwa nimehesabu. Nikahesabu kwa ile ya 40,000:

```
ghorofa 1: 1
ghorofa 2: 39999
```

Nikaduwaa. Ilitakiwa iwe 20,000 hivi, halafu 10,000, halafu 5,000, inashuka kwa nusu nusu. Hapa nina nodi moja fupi na wengine wote wana urefu mmoja sawasawa kama askari wa gwaride. Ghorofa ya pili ina kila mtu, kwa hiyo ghorofa ya pili ni nakala ya ya kwanza, hairuki chochote.

Kosa lilikuwa hapa:

```c
static uint32_t x = 1;
uint32_t nasibu(void) {
    x = x * 1103515245u + 12345u;
    return x;
}
int urefu(void) {
    int h = 1;
    while (h < 32 && (nasibu() & 1)) h++;
    return h;
}
```

Hiyo ni njia ya zamani na ya haraka ya kutengeneza namba za kinasibu, zidisha, jumlisha, acha ifurike. Namba inayotoka ukiitazama nzima inaonekana imevurugika vizuri. Lakini mimi nilichukua biti ya mwisho tu. Angalia kinachotokea: namba ya kuzidishia ni witiri, ya kujumlishia ni witiri. Ukiwa na x witiri, witiri mara witiri ni witiri, jumlisha witiri unapata shufwa. Ukiwa na x shufwa, unapata witiri. Na kufurika hakuigusi biti ya mwisho. Kwa hiyo "shilingi" yangu ilikuwa inatoa mkia, kichwa, mkia, kichwa, mkia, kichwa, milele. Nodi ya kwanza ikapata mkia ikabaki chini. Ya pili ikapata kichwa ikapanda, ikarusha tena ikapata mkia ikaacha. Ya tatu inaanza na kichwa tena, halafu mkia. Na ya nne, na ya elfu arobaini.

Kinachochekesha ni kwamba ukihesabu vichwa na mikia ni nusu kwa nusu kamili, hata shilingi halali haiwezi kuwa sawa hivyo. Uwezekano wa kichwa ni sahihi kabisa. Kilichokosekana ni ule uhuru, kwamba mrusho huu haujui uliopita ulikuwaje, na ukirudi kwenye ile hesabu ya kinyumenyume utaona uhuru huo ndo uliobeba kila kitu, kila hatua nilisema "nusu kwa nusu" bila kujali nimetoka wapi.

Kurekebisha ilikuwa kuchukua biti ya juu badala ya ya chini:

```c
while (h < 32 && (nasibu() >> 31)) h++;
```

Biti za juu kwenye njia hii zinachukua muda mrefu sana kujirudia, za chini ndo mbovu. Nikahesabu tena, zikashuka kwa nusu nusu kama inavyotakiwa, na 40,000 ikaingia kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Kama una jenereta ya kisasa kwenye maktaba ya lugha yako itumie hiyo, mimi nilikuwa najifanya mjanja.

Tangu hapo nimekuwa mkali na hiyo shilingi kuliko na pointa. Kuna mtego mwingine wa hukohuko: mbegu, yaani namba ambayo jenereta inaanzia. Ukiacha `x = 1` kila mara, urefu wa nodi unajulikana kabla, na mtu mwenye nia mbaya anayeweza kuingiza na kufuta anaweza kufuta zile ndefu zote akakuachia orodha tambarare. Kufuta kwa kawaida hakudhuru kitu, nodi ikitoka zinazobaki zina urefu uleule ambao zingekuwa nao hata kama haijawahi kuingia, hakuna kovu. Lakini hilo ni kweli tu ikiwa anayefuta haangalii urefu. Kwa hiyo mbegu ichukuliwe mahali pasipotabirika na urefu usiujulishe nje.

Siitumii kila mahali, nisidanganye. Nodi zake zimetawanyika kwenye memori, kila kusogea ni kufuata pointa kwenda mahali pengine kabisa, na kwa data nyingi iliyotulia ambayo inasomwa tu, mti wa B unaoweka funguo nyingi pamoja kwenye bloku moja unaipita bila shida. Inapong'aa ni pale watu wengi wanaandika kwa wakati mmoja. Mti ukizungusha nodi karibu na mzizi unawasumbua wote waliomo, wakati skipu listi inagusa majirani wachache tu wa yule mgeni, na ndo maana Java ilipoleta ramani iliyopangwa ya kutumiwa na thredi nyingi, kwenye Java 6, ikaja na `ConcurrentSkipListMap`, haikuja na mti.

Ile programu yangu ya matukio bado ipo na bado inatumia skipu listi. Kwenye majaribio yake nimeongeza moja inayoingiza vitu 40,000, inahesabu urefu, na inagoma kama nodi zilizofika ghorofa ya pili au zaidi haziko kati ya 19,000 na 21,000. Imeshagoma mara moja, siku nilipobadilisha nusu kuwa robo nikasahau kubadilisha jaribio lenyewe.